Ushungi si nywele: kuunganisha picha za kina mama bila kuwafunua

"Mwanangu, umemvua."

Maneno hayo niliambiwa kwa simu na mama mmoja wa Bombo, Uganda, siku niliyompelekea picha ya familia yake. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Nilifungua faili, nikaikuza picha, na kwa dakika kadhaa sikuona alichokiona. Nilipokiona nilielewa kwamba kwa miaka mingi, nikiwatoa kina mama wa ushungi kwenye picha moja na kuwaingiza kwenye nyingine, nilikuwa nikiwakata kwa njia ileile ninayomkatia kijana asiyefunika kichwa, na njia hiyo haifai.

Picha yenyewe ilikuwa ya arusi. Ni familia ya Kinubi, watu tisa wamejipanga uani mbele ya ukuta mweupe, kina baba kwa kanzu, kina mama kwa gurbaba na mitandio. Binti mkubwa alikuwa mbali, katika mji wa Arua, na hakuweza kusafiri, kwa hiyo alipigwa picha hukohuko, amesimama chini ya mwembe, na mimi nikaombwa nimwingize kati ya wenzake. Alijifunga mtandio wa shifoni wa rangi ya maziwa, na ndani yake kofia nyeusi ya kubana nywele. Hakuna hata unywele mmoja uliokuwa nje.

Nilifanya kama kawaida. Ndani ya Photoshop nikabonyeza `Select Subject`, nikaingia `Select and Mask`, nikabonyeza `Refine Hair`, basi. Amri hiyo ya mwisho kazi yake ni kutafuta vitu vyembamba ukingoni mwa kichwa na kukisia kwamba ni nywele, ili isizikate kama kwa mkasi. Ikikutana na shifoni inakosea vibaya. Pindo la mtandio, nyuzi zilizochomoza, mkunjo mwembamba unaopitisha mwanga, vyote inavichukulia kuwa nywele, na maski yake mahali hapo inakuwa ya kijivu, yaani nusu inaonyesha na nusu inaficha. Kwa huyu binti ililiwa sehemu ya kitambaa juu ya paji la uso na kando ya shavu. Kilichobaki wazi ni ile kofia nyeusi ya ndani, nayo ikiwa na ukingo wa michirizi. Mbele ya ukuta mweupe, mtu yeyote angeapa kuwa ni nywele zimetoka. Mimi nilijua ni kofia kwa sababu nilikuwa na picha ya asili. Shangazi atakayeitazama ukutani hana picha ya asili.

Nikaanza upya, na njia niliyoifuata siku ile ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Kwanza niliomba picha itumwe tena WhatsApp kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida, kwa sababu ikibanwa pindo la kitambaa linageuka vipande vya mraba na hapo hakuna mkono utakaoliokoa. Kisha nikachora mpaka wa mtandio wote kwa `Pen Tool`, kwa mkono, nikifuata ukingo wa nje wa kitambaa, na kuulainisha kwa pikseli moja tu. Ni kazi ya kama nusu saa kwa mtu mmoja. Nywele za mtu asiyefunika kichwa naendelea kuziachia `Refine Hair`, lakini ushungi nauchukulia kama kanzu au koti: ni nguo, ina mshono na ina mwisho.

Palipo na ugumu ni kwenye shifoni yenyewe, kwa kuwa kweli inapitisha mwanga. Ukiikata ikawa nzito kabisa inaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Kanuni niliyojiwekea ni hii: mahali ambapo nyuma ya kitambaa kuna mwili wake, iwe ni kichwa, shingo, bega au kifua, maski inakuwa nyeupe tupu, bila chembe ya kijivu. Mahali ambapo kitambaa kinaning'inia hewani, ile ncha iliyopeperuka kando ya mkono, hapo tu ndipo ninaporuhusu kijivu kidogo ili ukuta mpya uonekane kwa mbali. Kwa njia hiyo kitambaa kinabaki chepesi panapostahili, na mwili unabaki umefunikwa kama alivyoufunika mwenyewe.

Kukagua ni rahisi. Chini ya leya yake naweka leya ya rangi nyekundu kali, nakuza picha hadi asilimia 200, naufuata ukingo wa uso kutoka sikio hadi sikio. Nyekundu ikijitokeza ndani ya ushungi, maski ina tundu. Nabonyeza pia `Alt` pamoja na kile kipicha cha maski kwenye orodha ya leya, ili maski yenyewe ionekane kwa nyeusi na nyeupe, na kijivu chochote juu ya shingo nakipaka nyeupe. Kwa binti wa Arua lilibaki tatizo moja, majani ya mwembe yaliyoutia mtandio ukijani. Sikuufuta ukingo ili kuondoa kijani. Niliweka leya juu yake, nikaibana isitoke nje ya umbo lake, nikaigeuza iwe `Color`, nikachukua rangi ya maziwa kutoka katikati ya mtandio na kuipaka pale palipo kijani. Mikunjo ikabaki, kijani kikaondoka.

Baada ya hapo karibu nifanye kosa la pili. Picha ya Bombo ilipigwa juani na ile ya Arua kivulini, kwa hiyo binti alionekana mweusi mno kati ya wenzake. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye `Shadows` ili nimwangaze. Uso ukapendeza. Lakini buibui lake, ambalo macho ya kawaida yaliliona kuwa jeusi tu, likaanza kuonyesha mpaka wa kiuno na paja, kwa sababu kamera ilikuwa imenasa kivuli kidogo ndani ya ule weusi na mimi nilikuwa nimekivuta nje. Kitambaa kile alikichagua kwa kuwa hakionyeshi umbo. Ndiyo maana uso nauangaza peke yake, kwa maski yake, halafu vazi jeusi nalilinganisha na kitu kingine cheusi kilichomo kwenye picha kuu, siyo na uso wake. Pale kulikuwa na viatu vya mjomba na buibui la bibi. Nilisoma namba kwenye `Info`: buibui la bibi lilikuwa kwenye 20 hivi, la binti nililivuta likafika 45. Nikalirudisha mpaka likakaribiana na la bibi, na umbo likapotea lenyewe.

Hapa niseme na wapiga picha: msimpige mama aliyevaa dera au mtandio mwepesi huku jua likiwa nyuma yake. Mwanga ukipita kwenye kitambaa, miguu na shingo vinachoreka, na hilo siwezi kulirekebisha bila kulichora vazi upya. Msogeze tu hadi jua limpige ubavuni.

Kumweka wapi nalo lilinifunza jambo. Nafasi iliyokuwa wazi kwenye picha ilikuwa mwisho wa mstari, kando ya shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyekuwa amenyoosha mkono juu ya mgongo wa kiti kitupu. Kwa mizani ya picha, nafasi ilikuwa hiyohiyo. Nilipomweka pale, mkono wa shemeji ukaonekana umemkumbatia. Wawili hao hawajawahi kusimama hivyo maishani, na hakuna mtu wa Bombo ambaye angeitazama picha ile bila kuuliza. Nikampigia mama, nikamwuliza: "Mama, asimame karibu na nani?" Akajibu bila kufikiri, "Karibu nami." Ilinibidi niwasogeze watu watatu na kuziba pengo la ukuta, kazi ya saa nzima zaidi. Siku hizi swali hilo naliuliza kabla sijafungua kompyuta, pamoja na jingine: kama kuna unywele uliotoka kwenye picha ya asili, niufunike au niuache? Jibu ni la mvaaji. Akitaka ufunikwe naufunika kwa kitambaa cha mtandio wake mwenyewe, siyo cha kubuni. Asiyefunika kichwa simfuniki, hata mstari mzima ukiwa wa mitandio, na hata kama ni mwanamume wa familia anayeniomba. Namwuliza mwenye kichwa.

Wateja wangu wengi si Waislamu, na heshima ya vazi haiishii kwenye ushungi. Gomesi lina mabega yaliyochongoka, na amri za kukata zenyewe huyapunguza au kuyala kabisa. Linafika chini, kwa hiyo mama aliyekaa mkekani nikimkata magotini nimemvalisha gauni fupi ambalo hakulivaa. Kwa mama wa gomesi naomba picha nzima hadi pindo, au simchukui.

Nimalizie na faili, maana wengi wetu hatulifikirii. Uso wa binti kwenye picha ya mwembe ulikuwa na ukungu, basi familia ilinitumia nyingine aliyopigwa chumbani kwake, uso safi, kichwa wazi. Niliuchukua uso tu, nywele zikakaa chini ya maski. Mchapishaji wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, akaniomba PSD, yaani faili lenye leya zote, ili aipanue mwenyewe ifike upana wa sentimita 90. Nilikuwa nimeshafungua barua pepe kabla sijashtuka. Maski inaficha, haifuti. Yeyote mwenye faili lile angebonyeza `Shift` na maski, na binti angekuwa kichwa wazi mbele ya duka zima. `Smart Object` nayo hubeba picha yote ya asili ndani yake. `Crop` ikiwa `Delete Cropped Pixels` haijawekwa alama, kilichokatwa bado kipo. Hata PDF ikihifadhiwa huku `Preserve Photoshop Editing Capabilities` imewekwa alama, inabeba leya zote.

Nikaipanua mwenyewe hadi sentimita 90, nikafanya `Flatten Image`, nikahifadhi nakala mpya kwa jina jingine na hiyo ndiyo iliyokwenda Nasser Road. Mchapishaji alilalamika kidogo kwamba hana leya za kurekebisha rangi, nikamwambia aniambie anachotaka nami nitakirekebisha. Picha ya chumbani niliifuta kwenye kompyuta, kwenye simu, na kwenye mazungumzo ya WhatsApp, kisha nikamwandikia binti mwenyewe huko Arua kwamba nimeifuta. Mama aliniuliza pia kama picha ya familia ingetundikwa kwenye ukuta wa studio kama zile nyingine. Nilimwambia hapana, aliyetoa ruhusa aliitoa kwa sebule ya Bombo.