Ritani ya mwenye nyumba nyingi: gharama zinazokubalika na hasara

Mwenye nyumba za kuishi Kenya anayepokea kodi ya nyumba kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka huwekwa moja kwa moja kwenye ushuru wa kila mwezi. Tangu Januari 2024 kiwango chake ni asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo hakuna cha kukata: uwe umepaka rangi, umemlipa keretaka au una mkopo wa benki, hesabu ni ileile.

Wengi hawajui kwamba sheria inaruhusu kuuacha mpango huo. Mwenye nyumba ambaye ni mkaazi wa Kenya anaweza kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kwamba amechagua kutozwa kwa mwaka, kama watu wa biashara nyingine. Akishafanya hivyo, anaonyesha kodi aliyopokea na gharama zake kwenye ritani inayowasilishwa kwa iTax kufikia Juni 30, na anatozwa ushuru kwa faida peke yake.

Chukua mfanyakazi wa mshahara wa 90,000 kwa mwezi, mwenye nyumba sehemu mbili. Ruiru ana bedsita 12 za shilingi 8,000 kila moja, alizojenga kwa mkopo. Kwa mwaka zinaingiza 1,152,000. Nyali ana fleti mbili za 25,000, hazina deni, nazo zinaingiza 600,000.

Ruiru alilipa benki 1,400,000 mwaka huo. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa sababu mtu huandika kiasi chote hicho kuwa gharama. Kinachokubalika ni riba tu, tuseme 980,000. Zile 420,000 zilizobaki zimepunguza deni lenyewe, na kulipa deni si gharama ya kupata kodi. Iombe benki au sako taarifa ya mwaka inayotenganisha viwili hivyo. Ongeza keretaka 144,000, wakala 92,000, marekebisho 110,000 na reti za kaunti 24,000. Jumla ni 1,350,000, kwa hiyo Ruiru ina hasara ya 198,000.

Nyali, baada ya wakala, reti na marekebisho ya jumla ya 150,000, imebaki na faida ya 450,000.

Sheria haimtozi kwa kila jengo. Kodi zote za nyumba zake huhesabiwa kuwa chanzo kimoja cha mapato, hivyo hasara ya Ruiru inaingia kwenye faida ya Nyali na kubaki 252,000. Kwa mshahara wake, kiasi hicho kinaangukia kiwango cha asilimia 30, yaani ushuru wa 75,600. Chini ya mpango wa kila mwezi angelipa asilimia 7.5 ya 1,752,000, ambayo ni 131,400.

Sasa tuseme mwaka unaofuata fleti za Nyali zinakaa wazi miezi sita na gharama hazipungui. Nyali inabaki na faida ya 150,000, na ukiondoa hasara ya Ruiru, jumla inakuwa hasara ya 48,000. Hasara hiyo haiwezi kukatwa kwenye mshahara, kwa kuwa mshahara ni chanzo kingine. Inasubiri faida ya kodi za nyumba ya miaka ijayo. Ndiyo maana ritani iwasilishwe hata mwaka usio na ushuru wa kulipa: hasara ambayo haikuandikwa hutaweza kuidai baadaye.

Kwenye marekebisho kuna mpaka wa kuangalia. Kubadilisha mabati yanayovuja, kuziba bomba na kupaka rangi kunakubalika. Hata kubadilisha muundo wa jengo kunakubalika ikiwa ni lazima ili kodi iliyopo isishuke. Kuongeza ghorofa au kubomoa na kujenga upya hakukubaliki, maana hapo unaongeza mali. Fundi akikupa hesabu moja ya kurekebisha paa na kujenga chumba kipya, mwambie azitenganishe tangu mwanzo.

Tena, tangu 2024 gharama nyingi hazikubaliki bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mshahara wa keretaka na riba ya benki vimeondolewa kwenye sharti hilo, lakini wakala na duka la vifaa vya ujenzi havimo. Risiti ya mkono kutoka hadwea, hata kama pesa kweli zilitoka, inaweza kukataliwa wakati wa ukaguzi.

Asiye na mkopo huenda asipate nafuu yoyote kwa kuhama. Nyali peke yake ingetozwa 135,000 kwa mwaka, lakini 45,000 tu kwa mpango wa kila mwezi. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia Kamishna, kokotoa njia zote mbili kwa kodi zako zote kwa pamoja, ukianza na riba.