Akti ya pili kulegea ni nini, na unaifanyaje baada ya kupewa maoni ya drafti ya kwanza

Ukimpa mtu skripti yako akakurudishia na kusema mwanzo umenishika, mwisho uko poa, ila hapa katikati nilichoka, huyo anakwambia akti ya pili imelegea. Akti ya pili ni lile eneo kubwa la katikati. Kwenye skripti ya kurasa 100 hivi (ukurasa mmoja tunauhesabu kama dakika moja ya filamu) inaanza kama ukurasa wa 25 au 30, pale mhusika mkuu anapokuwa ameshaingia kwenye tatizo na hawezi tena kurudi nyuma, inakwenda mpaka 75 au 80 hivi anapofika pabaya kabisa. Yaani ni nusu ya filamu yako. Na kulegea maana yake ni kwamba watu wanaongea, wanagombana, wanazunguka mjini, lakini ukitoka kwenye sini hali ya mhusika ni ile ile aliyoingia nayo.

Wengi wanadhani tatizo ni urefu, wanaanza kufyeka dialogi, skripti inapungua kurasa 6 na bado inachosha.

Tuchukue skripti ya kubuni ili tuone vizuri. Zuhura ni fundi cherehani Tanga. Mama yake alikopa kausha damu bila kumwambia, mkopeshaji anakuja anabeba vyerehani vyote vinne, na zimebaki wiki tatu kufika Idi, vitambaa vya wateja viko ndani na advansi keshakula. Mpaka hapo safi, tunajua anataka nini na tunajua saa inakimbia. Sasa akti ya pili ya drafti ya kwanza: anaenda kwa mjomba, anakataliwa. Anaenda kwa mtendaji wa mtaa, anazungushwa. Anaomba kwenye kikoba chake, wanasema hela haitoshi. Katikati kuna dereva bodaboda anampenda, kuna sini mbili za kulia na mama. Ukurasa wa 80 anaenda polisi na kesi inaanza.

Maoni yakaja. Mmoja kasema nilichoka kuanzia ukurasa wa 45. Mwingine kasema ongeza mapenzi. Mwingine kasema nimempenda sana Mwanaisha, yule rafiki yake wa kikoba, mbona anapotea? Prodyuza kasema weka sini ya kufukuzana na pikipiki.

Hapa ndo pa kutulia, kwa sababu msomaji mara nyingi yuko sahihi kuhusu sehemu aliyochoka na anakosea kuhusu dawa. Na hata hiyo sehemu, ugonjwa wenyewe huwa umeanza kurasa 10 au 15 nyuma, msomaji alivumilia vumilia mpaka 45 ndo akakata tamaa. Kwa hiyo maoni yote unayaandika, lakini unatafuta yanapokutana. Anayetaka mapenzi na anayetaka pikipiki wote wawili wanasema kitu kimoja, kwamba hakuna kinachosogea.

Sasa kazi yenyewe. Usifungue skripti kuanza kurekebisha sentensi, chukua daftari au kadi, andika kila sini ya akti ya pili kwa mstari mmoja: Zuhura anataka nini hapa, anafanya nini, na akitoka nini kimebadilika. Hiyo ya tatu ndo inauma, kwa sababu kwa mjomba utaandika "hajapata hela", kwa mtendaji "hajapata hela", kwenye kikoba "hajapata hela", yaani sini tatu ambazo kimsingi ni moja. Halafu kati ya kadi na kadi weka neno la kuunganisha. Ikikubali "kwa hiyo" au "lakini", sini ya kwanza imeizaa ya pili. Ikikubali "halafu" peke yake, zimepangwa tu foleni. Kipimo kingine rahisi, badilisha nafasi ya mjomba na mtendaji, kama hakuna kinachoharibika basi umeshaona palipolegea.

Kuna na hili la kuangalia, nani anafanya maamuzi. Kwenye drafti hii Zuhura anaomba tu, wenye uamuzi ni wengine, na mkopeshaji akishabeba vyerehani hatumwoni tena mpaka mwisho. Adui aliyelala anamlaza na mhusika mkuu.

Marekebisho yanaanza kwa mjomba. Mjomba anakataa kama mwanzo, lakini Zuhura akiwa anaaga anaona kwenye kibaraza cha duka cherehani chake kimoja, kina ule uzi mwekundu aliofunga kwenye gurudumu. Mjomba kakinunua kwa mkopeshaji. Kwa hiyo sasa tunajua vyerehani vinauzwa kimoja kimoja na wiki tatu zimegeuka kuwa siku chache. Kwa hiyo mtendaji hana kazi tena, sini yake inatoka yote. Kwa hiyo Zuhura anaamua mwenyewe kuchukua hela ya kikoba.

Na hapo kuna utajiri ambao drafti ya kwanza iliukalia tu. Vikundi vingi vinatunza hela kwenye sanduku la kufuli tatu, sanduku analala nalo mmoja na funguo ziko kwa wengine watatu. Sanduku liko kwa Zuhura, kwa hiyo inabidi azipate funguo tatu kwa uongo. Zinakuwa sini tatu tena, ila safari hii kila moja inamsogeza mahali. Wa kwanza anatoa kirahisi. Wa pili anataka ashonewe gauni la Idi bure, deni jingine hilo. Wa tatu ni Mwanaisha, anampa bila kuuliza chochote, na kule kutouliza ndo kunamwumiza Zuhura kuliko maswali. Aliyeuliza Mwanaisha kapotelea wapi kajibiwa, na hatujaongeza mhusika hata mmoja.

Ukurasa wa 52 hivi, katikati kabisa, analipa deni na vyerehani vinarudi, hata kile cha mjomba. Ushindi. Lakini wanakikundi wanakubaliana kikoba kivunjwe kabla ya Idi ili kila mtu apate mgao wake wa sikukuu. Nusu ya kwanza alikuwa anamkimbiza mkopeshaji, nusu ya pili anawakimbia rafiki zake, na mkopeshaji, ambaye anajua hela ilitoka wapi, anaanza kumtishia atasema.

Ukishabadilisha katikati lazima urudi mwanzo. Sanduku na funguo tatu vionekane kama ukurasa wa 8, kwenye kikao cha kawaida cha kikoba, watu wanacheka tu. Ule uzi mwekundu uonekane ukifungwa. Usipopanda mapema, ukurasa wa 40 utaonekana umetungwa kwa shida. Na mwisho nao unaguswa, ile kesi ya polisi haifai tena, kwa sababu swali sasa ni Zuhura atasemaje mbele ya wale wanawake siku sanduku linafunguliwa. Hizo kurasa 20 za mwisho zinaandikwa upya. Dialogi unainyoosha baada ya hapo, maana nusu ya ile uliyoipenda imeshatoka na sini zake.

Drafti ya pili mpe mtu ambaye hajasoma ya kwanza, kwa sababu aliyesoma ataisoma huku anakumbuka. Usimwulize kaipendaje. Mwambie aweke alama kila anaposhika simu, na akifika ukurasa wa 52 akwambie anadhani nini kitafuata. Akikwambia anamwonea huruma Mwanaisha, katikati imeanza kukaza. Akikwambia hajui na hana hamu ya kujua, rudi kwenye kadi, anza na zile za kabla ya hapo.