Mlima hauzuii dishi, mgrivea ndio unaozuia: king'amuzi, dishi na fundi kwa watu wa Moshi na Arusha

Mimi ni mkufunzi wa karakana ya elektroniki kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Moshi, na kila masika yakianza simu yangu haipumziki. Mtu anaanza na salamu ndefu, shikamoo mwalimu, habari za kazi, halafu anafika kwenye lenyewe: tivii imeganda, fundi kaja kaangalia kasema mlima unazuia, anataka hela ya dishi kubwa. Hiyo ya mlima nimeisikia Kibosho, nimeisikia Marangu, hadi Sakina kule Arusha wanausingizia Meru, kwa hiyo leo naianzia hapo hapo maana ukiielewa hii moja hata kununua king'amuzi utanunua kwa akili.

Kwanza angalia nyuma ya boksi la king'amuzi pameandikwa nini. Ukiona DVB-T2 hicho ni cha antena, kinapokea kutoka kwenye mnara uliosimama hapa hapa chini. Ukiona DVB-S2 hicho ni cha dishi, kinapokea kutoka kwenye satelaiti iliyo juu kilomita kama elfu 36. Ile T na ile S ndio habari yote, haviingiliani kabisa, dishi huwezi kulichomeka kwenye king'amuzi cha T2 likaleta picha. Na ile 2 ya mwisho isikosekane, maana kuna vimashine vya zamani vimeandikwa DVB-T au DVB-S peke yake vinauzwa bei ya karanga, ukifika nyumbani vinatafuta chaneli hadi vinachoka. Hata tivii ya mtumba iliyotoka nje usiamini neno la muuzaji kwamba ina king'amuzi ndani, soma kwanza kibandiko cha nyuma.

Sasa mlima. Kwa antena, ndiyo, mlima unazuia kweli, tena sio lazima uwe Kibo, hata kimgongo tu cha shamba kinatosha. Mawimbi ya mnara yanasafiri karibu sambamba na ardhi, ukikaa bondeni kati ya migongo miwili kule Uru au Old Moshi mnara huuoni, na usipouona mawimbi yanakufikia yamechoka au hayafiki kabisa. Kwa mtu wa mjini, Majengo, Pasua, Njoro, king'amuzi cha antena ni rahisi na kinatosha, mvua ikinyesha hakina shida nayo sana, na kifurushi kikiisha chaneli za ndani za bure kama TBC1 zinatakiwa ziendelee kuonekana. Huko juu migombani jaribu kwanza na antena ya jirani kabla hujatoa hela, jirani akiganda na wewe utaganda.

Dishi ni habari nyingine. Azam wako kwenye satelaiti ya nyuzi 7 mashariki, na ukiwa Moshi au Arusha inakaa upande wa magharibi, imenyanyuka kama nyuzi 54 kutoka usawa wa ardhi. DStv wetu wako nyuzi 36 mashariki, hiyo kwa sisi iko karibu utosini kabisa, nyuzi 86 hivi. Kibo yenyewe na mita zake 5,895 ukiiangalia ukiwa Moshi mjini haifiki hata nyuzi 10. Sasa kitu kinachoangalia nyuzi 54, tena kinaangalia magharibi wakati mlima uko kaskazini, kitazuiliwaje na mlima? Fundi akikwambia hivyo kuhusu dishi mpe chai anywe, ila hela usimpe.

Kuna kitu kinawachanganya mafundi wengi na nawaelewa. Dishi la Azam ukiliangalia ukutani linaonekana limesimama kidogo, kama linaangalia paa la jirani. Linadanganya macho. Haya madishi yetu ya nyumbani yametengenezwa kwa mshazari, ile LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi, haikai katikati, inakaa chini kwenye mkono, kwa hiyo mawimbi yanaingia kutoka juu zaidi ya pale uso wa dishi unapoelekea, tofauti ni nyuzi ishirini na kitu. Mtu anaangalia uso wa dishi anaona mbele kweupe anafunga nati anaondoka, kumbe njia halisi inapita juu kidogo, katikati ya matawi.

Ndio yaliyomkuta mama mmoja wa Kibosho. Alifungiwa mwezi wa kwanza, picha safi kabisa, akafurahi akamlipa fundi. Mwezi wa nne picha ikaanza kukatika katika, akaitwa fundi yule yule, mlima, akabadilishiwa LNB, hela ikatoka. Wiki mbili haikuisha ikarudi vile vile, safari hii anaambiwa dishi kubwa. Mwanae alikuwa mwanafunzi wangu ndio akaniambia mwalimu twende. Nilivyofika sikugusa hata spana, nikamuuliza, "Mama, inakatika mvua ikinyesha au hata jua likiwaka?" Akasema, "Baba, hata jua, tena upepo ukivuma ndio inakuwa mbaya zaidi." Nikageuka magharibi, mgrivea huo hapo, umejaa majani.

Watu wa huku mnajua, kiangazi migrivea inapunguzwa matawi, kuni zinapatikana na kahawa inapata jua. Dishi lilifungwa mti ukiwa umekatwa, mvua zikaja matawi yakarudi. Tukapima. Mwanae akaleta mkebe wake wa hesabu, tukachukua kipimapembe tukafunga uzi wenye nati pale katikati, ukipiga jicho kwenye ukingo ulionyooka, nyuzi ambazo uzi umehama kutoka kwenye 90 ndizo ulizoinua. Mwelekeo tukachukua kwenye dira ya simu, 276, yaani magharibi na kaskazini kidogo, ila dira uisome ukiwa mbali na bati maana bati linaivuta. Mstari wa nyuzi 54 ukaingia kwenye majani waziwazi.

Hesabu yake nyepesi, chukua umbali kutoka dishi hadi mti uzidishe kwa 1.4, unapata mti unaruhusiwa kulizidi dishi kwa mita ngapi. Pale mti ulikuwa mita 7 kutoka kwenye dishi, 7 mara 1.4 ni 9.8, na dishi lilikuwa ukutani mita 3 kutoka chini, jumla mita 12.8. Mgrivea ule ulikuwa kama mita 15. Tukahamishia dishi kona ya nyuma ya nyumba, mita 12 kutoka kwenye mti, hapo mstari unapita karibu mita 20 juu, mti ukue tu. Dishi lile lile na LNB ile ile, kilichoongezeka ni waya tu.

Kama huna mkebe, jua linakusaidia. Wiki ya tarehe 21 Machi na ile ya tarehe 21 Septemba, kwenye saa tisa alasiri au kasoro kidogo, jua linasimama karibu pale pale ilipo satelaiti ya nyuzi 7. Dishi likiwa kivulini muda huo, kinacholitia kivuli ndicho kinachokukatia picha. Na usishtuke siku hizo picha ikipotea dakika chache wakati wa jua kali, ni jua lenyewe linaingilia, litapita.

Kumjua fundi sasa. Akimaliza kufunga usikubali kuangalia picha tu, mwambie akufungulie ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Kuna mistari miwili, Signal Strength na Signal Quality. Ule wa kwanza unaweza kusoma 80 hata dishi likiangalia ukuta, kwa sababu LNB ikishapata umeme tu inapiga kelele na king'amuzi kinaihesabu. Wa pili ndio wenye ukweli. Fundi anayekuonyesha wa kwanza halafu anaziba wa pili kwa kidole gumba (nimeliona kwa macho yangu) huyo anataka kuondoka. Fundi mzuri utamuona anasukuma dishi milimita milimita huku anaangalia ule wa pili mpaka uanze kushuka, ndio anarudisha nyuma anakaza. Kwa sababu kwenye mwanga wa jua hata dishi lililokosea kidogo linaonyesha, ila halina akiba, wingu zito la kwanza la masika linakata. Dishi kubwa linasaidia kwenye mvua, hilo kweli, la sentimita 90 linakusanya mara mbili na robo ya lile la 60, lakini kwenye mti halisaidii kitu. Muulize pia leseni ya ufungaji ya TCRA, na risiti yenye jina na simu.

Angalia na waya unavyoingia ndani. Ufanyiwe tumbo dogo chini ya tundu la ukuta ili maji yadondokee nje, la sivyo maji yanafuata waya hadi kwenye king'amuzi. Kichwa cha waya kule kwenye LNB kikifunguliwa ukakuta kutu ya kijani, hapo umepata ugonjwa bila kununua chochote.

Upande wa vifurushi sina maneno mengi. Kaeni kama familia mseme mnaangalia nini hasa. Ligi Kuu yetu iko Azam kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021, ligi ya Uingereza iko DStv, na tamthilia kila mtu na zake. King'amuzi cha kampuni moja hakifungui kifurushi cha nyingine, ila dishi halina kampuni hata kama limechorwa nembo, ukihama unaligeuza tu na kuangalia kama LNB inafaa. Kwenye dishi moja la kawaida usiahidiwe Azam na DStv pamoja, satelaiti zimeachana nyuzi 29, haiwezekani, hapo ni madishi mawili. Na ujumbe wa kwenye kioo usome kabla hujampigia fundi: kwenye DStv E16 ni mambo ya malipo, E48-32 ndio mawimbi hayafiki. Yule mama wa Kibosho ananiambia siku hizi fundi akifika tu geti anamuuliza kwanza kama kaja na kipimapembe.