Je, wajua? Kifungu kimoja, maswali ya ngazi tatu

*"Kitabu ninacho kimoja, watoto 60. Wapo wanaosoma kama maji, wapo ambao bado wanaunganisha silabi. Nitawafundishaje wote ufahamu?"*

Kifungu kibaki kimoja, maswali ndiyo yatofautiane. Kila ngazi imsogeze mtoto mbali kidogo na maneno yaliyoandikwa.

Kwanza kifupishe kienee kwenye karatasi moja ya kutundika. Mfuko wa saruji uliopasuliwa na kukung'utwa vizuri unafaa: upande wa ndani unashika wino wa makapeni, na mwakani utautundika tena. Habari ya kurasa mbili kuhusu safari ya shuleni siku ya mvua, mimi ningeibakiza hivi:

> Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Juma alichukua fimbo ya babu, akaenda shule. Alipofika mtoni alisimama, akachomeka fimbo majini. Fimbo ilizama yote. Juma akageuka, akarudi nyumbani.

Ngazi ya kwanza: Juma alichukua nini? Jibu hilo mtoto analinyooshea kidole. Ya pili: Kwa nini alichomeka fimbo majini? Hapo lazima aunganishe mvua, mto na fimbo, kwa kuwa habari haisemi popote kwamba mto umejaa. Ya tatu: Siku hiyo kulikuwa na mtihani. Je, alifanya vyema kurudi? Toa sababu mbili, moja itoke kwenye habari.

Makosa mengi hutokea kwenye kufupisha. Ukiifuta sentensi ya mvua ili kuokoa nafasi, swali la pili linabaki bila mzizi. Kwa hiyo tunga swali la pili kabla hujakata chochote, kisha linda kila sentensi inayolibeba.

Wala usiridhike na majibu ya ngazi ya kwanza. Soma hii: "Mpinye alikubuza shelemo." Nani alikubuza shelemo? Umejibu bila kuelewa neno hata moja, na mtoto naye anaweza kunakili jibu sahihi vivyo hivyo.

Anayesoma kwa shida usimfungie kwenye swali la kwanza. Soma kifungu kwa sauti mara mbili, halafu muulize la pili kwa mdomo. Akisema "alikuwa anapima maji," akili yake imefika; kinachomkwamisha ni herufi, na msaada wake ni mazoezi ya kusoma silabi na maneno. Yule asomaye bila kukwama lakini akashindwa swali hilo ana tatizo jingine kabisa, na ndiye tunayemsahau kwa sababu sauti yake inaturidhisha.

Wote waanzie swali la kwanza, kila mmoja afike anapoweza, bila makundi yenye majina. Wengi wakijibu kwamba Juma alikuwa anacheza, leta ndoo ya maji na fimbo, mwite mmoja apime kina mbele ya wenzake, kisha rudini pamoja kwenye sentensi ya nne.