Likizo ya ugonjwa na kazi nyepesi baada ya upasuaji wa bawasiri: dhana potofu na ukweli

Mfanyakazi akivunjika mkono, barua ya kuomba ruhusa huiandika bila kusita. Akipangiwa upasuaji wa bawasiri, aibu humshika na barua inakuwa ya mstari mmoja: "Naomba siku chache, sijisikii vizuri." Meneja anampa siku tatu. Siku ya nne mtu anarudi kazini na kidonda kibichi, au anabaki nyumbani bila ruhusa, na yote mawili yana gharama yake. Mengi ya matatizo haya hutokana na mambo ambayo watu huyaamini kuhusu ugonjwa wenyewe, sheria, na hasa maana ya kazi nyepesi.

"Bawasiri ni kitu kidogo, siku tatu zinatosha"

Inategemea umefanyiwa nini. Kuna tiba ya kufunga bawasiri kwa kipete kidogo cha mpira mpaka inyauke na kudondoka. Hiyo hufanywa juu, ndani ya njia ya haja, mahali ambapo mishipa ya kuhisi maumivu ni michache, na wengi hurudi kazini baada ya siku moja au mbili. Wanaosema siku tatu zinatosha mara nyingi wamemwona mtu wa namna hii.

Kukatwa bawasiri ni jambo lingine. Kisu hufika sehemu ya chini yenye hisia kali, na mara nyingi daktari huacha vidonda wazi vipone vyenyewe kutoka ndani. Kila ukienda haja, kinyesi kinapita juu ya kidonda na misuli ya njia ya haja inajikaza. Siku za kwanza ndizo kali zaidi, hasa haja ya kwanza. Kurudi kazini huchukua wiki mbili hadi nne kwa wengi, na kidonda kufunga kabisa kinaweza kuchukua wiki sita. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua, muulize daktari ni upasuaji wa aina gani na anakupa siku ngapi. Usikisie.

"Lazima meneja aelezwe kila kitu"

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinataka mambo mawili. Kwanza, mwajiri aarifiwe mapema iwezekanavyo kwamba hutakuwepo na sababu yake. Pili, upeleke cheti cha kutoweza kufanya kazi kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au na anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Karatasi ya duka la dawa haitoshi, hata ikipigwa mhuri.

Sababu ya kutosha katika barua ni kwamba unafanyiwa upasuaji na daktari amekupa mapumziko. Hakuna haja ya kutaja sehemu ya mwili. Taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo hazifai kupita mezani kwa kila mtu. Njia nzuri ni barua kwa meneja, na cheti ndani ya bahasha iliyofungwa kwa ofisi ya wafanyakazi. Ila kuficha aina ya ugonjwa si sawa na kuficha kwamba unapasuliwa. Ukiandika "sijisikii vizuri" umemnyima meneja sababu ya kukupa wiki mbili.

Usinyamaze pia ukidhani cheti kitajisemea baadaye. Kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali ni moja ya makosa makubwa yaliyotajwa katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira, na yanaweza kumfanya mtu aachishwe kazi papo hapo. Ukilazwa ghafla, mwambie ndugu yako au mwenzako apige simu. Sheria inakubali taarifa ipelekwe na mtu mwingine.

"Nikiwa na cheti, mshahara hauguswi"

Sheria inampa mfanyakazi aliyefikisha miezi miwili mfululizo kwa mwajiri wake angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Mkataba wako, au ule wa chama cha wafanyakazi, unaweza kukupa zaidi, kwa hiyo usome kabla ya kuhesabu.

Tuseme karani wa ghala Eneo la Viwanda, Nairobi, amepewa na daktari siku 14, na mkataba wake hauongezi chochote. Kama hajaugua katika kipindi hicho, wiki ya kwanza analipwa yote na ya pili nusu. Lakini kama alilala siku 3 kwa malaria miezi michache iliyopita, amebakiwa na siku 4 kamili na 7 za nusu, jumla 11. Siku 3 za mwisho hazina kitu cha kuzifunika. Hapo anaweza kuomba zikatwe kwenye likizo yake ya mwaka, ambayo kisheria si chini ya siku 21 za kazi, na mwajiri akubali. Ombi hilo liingie kwenye barua mapema. Likisubiri mwisho wa mwezi, makato huwa yameshafanyika.

"Kazi nyepesi ni kukalishwa mahali"

Hapa ndipo watu wengi wema huwaumiza wafanyakazi wao. Karani anarudi, meneja anamwonea huruma, anamwondoa kwenye mizigo na kumpa kiti getini aandike magari yanayoingia na kutoka, kutoka asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kwa aliyevunjika mkono, hiyo ni kazi nyepesi. Kwa aliyetolewa bawasiri, kukaa kwa muda wa saa tisa kwenye kiti kigumu huweka mgandamizo mahali pale pale penye kidonda, na maumivu hupanda kufikia jioni.

Vitu viwili humsumbua mtu huyu. Cha kwanza ni kukaza tumbo: kuinua katoni, kusukuma toroli lililojaa, kuvuta mlango mzito wa ghala. Cha pili ni kukaa kwa muda mrefu. Kusimama na kutembea polepole havimdhuru, na mara nyingi humsaidia, kwa kuwa tumbo pia hufanya kazi vizuri mtu akitembea.

Halafu kuna choo. Dawa kali za maumivu, kama tramadoli na kodeini, hufunga choo, na choo kigumu juu ya kidonda ni mateso. Ndiyo maana daktari huandika dawa ya kulainisha choo na kuhimiza maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Haja ikija, iendewe hapo hapo, kwa sababu ikizuiliwa inakauka. Mtu aliye peke yake getini, asiyeweza kuondoka mpaka mwenzake aje, atazuia. Nyumbani daktari humwambia akalie beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na baada ya haja. Kazini beseni halipo, lakini choo chenye maji na dakika chache za kujisafisha taratibu vinaweza kupatikana.

Kwa hiyo barua ikisema tu "naomba kazi nyepesi", meneja atajaza maana kwa anavyojua yeye. Itaje kazi zenyewe, unazoweza na usizoweza, na tarehe ya mwisho. Karani wetu, ambaye hakuwa ameugua na anasafiri kutoka Kayole, angeandika hivi:

> 25 Februari 2026
>
> Meneja wa Ghala,
>
> KUH: OMBI LA LIKIZO YA UGONJWA NA KAZI NYEPESI
>
> Bwana Meneja,
>
> Naomba likizo ya ugonjwa ya siku 14, kuanzia Jumatatu tarehe 2 Machi hadi Jumapili tarehe 15 Machi 2026. Nimepangiwa upasuaji tarehe 2. Barua ya daktari nimeiwasilisha kwa ofisi ya wafanyakazi, na cheti cha kutoweza kufanya kazi kitafuata nikitoka hospitalini.
>
> Nikirudi tarehe 16 Machi, naomba kazi nyepesi hadi tarehe 29 Machi. Daktari ameshauri nisiinue wala kusukuma mizigo mizito, nisikae zaidi ya nusu saa bila kusimama, na niweze kwenda msalani ninapohitaji. Ninaweza kuhesabu mali inayopokelewa, kulinganisha stakabadhi na kubandika lebo.
>
> Kwa wiki hizo mbili naomba pia kuingia saa tatu badala ya saa mbili asubuhi, ili niepuke msongamano wa Barabara ya Jogoo, na nitatoka saa moja baadaye.
>
> Funguo na daftari la mali nitamkabidhi mwenzangu wa zamu Ijumaa tarehe 27 Februari. Daktari akibadilisha tarehe yoyote, nitakujulisha siku hiyo hiyo.
>
> Wako mwaminifu,

Neno bawasiri halimo. Aya ya msongamano wa barabarani wengi huisahau, ilhali saa nzima ndani ya matatu iliyokwama nayo ni kukaa. Kuhusu bodaboda, matuta yake yasubiri mpaka kidonda kifunge.

"Kazi nyepesi ni haki, meneja hawezi kukataa"

Kifungu cha 30 kinazungumzia likizo. Hakimlazimishi mwajiri kubuni kazi nyepesi. Ni jambo la makubaliano, likisimama juu ya ushauri wa daktari, na ndiyo sababu ombi lenye tarehe ya mwisho na orodha ya kazi unazoweza hukubaliwa kwa urahisi zaidi. Meneja akisema hana kazi kama hizo, rudi kwa daktari. Kama hufai bado kwa kazi yako ya kawaida, aandike hivyo, na siku ziongezwe kwenye cheti. Mwajiri naye hawezi kukufuta tu kwa kuwa mwili haujapona: kifungu cha 41 kinamtaka akueleze sababu na akusikilize kwanza, ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama.

"Nikisharudi kazini, nimepona"

Damu kidogo kwenye karatasi baada ya haja ni kawaida kwa wiki kadhaa. Ila kuna damu inayokuja kwa kuchelewa, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, wakati mtu anajiona amepata nafuu. Ikitoka kwa wingi, ikawa mabonge, ikaendelea bila haja, au ukaanza kusikia kizunguzungu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Fanya hivyo pia ukipata homa, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au mkojo ukikataa kutoka siku za kwanza. Hospitalini omba cheti kipya chenye tarehe mpya, na umtumie meneja ujumbe siku hiyo. Siku hizo mpya huhesabiwa juu ya zile ulizokwisha kutumia. Karani wetu alikwisha maliza zake 14 za kisheria, kwa hiyo hapo ndipo ombi la siku za likizo ya mwaka lingeingia.