Je, wajua kwa nini mashapo hayatokei kila chumvi mbili zinapochanganywa?

"Kitabu kinasema kloridi ya risasi haiyeyuki. Mbona nimechanganya nitrati ya risasi na chumvi ya kawaida, na mchanganyiko umebaki mwangavu, hakuna mashapo hata chembe?"

Neno "haiyeyuki" limefupishwa mno. Kloridi ya risasi huyeyuka kidogo, na mashapo hujitokeza pale tu ioni zinapozidi kiasi ambacho maji yanaweza kukibeba. Kiasi hicho hupimwa kwa namba iitwayo zao la umumunyifu, Ksp. Kwa kloridi ya risasi, katika nyuzi 25 za Selsiasi, ni takribani 1.7 × 10⁻⁵. Unachotakiwa kufanya ni kukokotoa zao la ioni zilizomo kwenye chombo chako, Q, kisha kulilinganisha na namba hiyo. Q ikiwa ndogo, kila kitu kinabaki kimeyeyuka. Ikiwa kubwa, ioni za ziada zina sababu ya kushikana na kutuama.

Tuchukue mfano. Una mililita 50 za nitrati ya risasi yenye ukolezo wa moli 0.02 kwa lita, na mililita 50 za chumvi ya kawaida yenye moli 0.06 kwa lita. Ukimimina moja ndani ya nyingine, ujazo unakuwa mililita 100, kwa hiyo kila ioni sasa imetawanyika katika maji maradufu. Risasi inashuka hadi 0.01 na kloridi hadi 0.03. Hizi ndizo namba za kutumia, wala si zile zilizoandikwa kwenye lebo za chupa.

Katika mango, kila ioni moja ya risasi huenda na kloridi mbili, ndiyo maana ukolezo wa kloridi unapigwa kipeo cha pili:

Q = [Pb²⁺][Cl⁻]² = 0.01 × (0.03)² = 9 × 10⁻⁶

Ni kama nusu tu ya Ksp. Hakuna mashapo, na macho yako hayakukudanganya. Angalia sasa kingetokea nini ungetumia namba za chupa: 0.02 × (0.06)² ni 7.2 × 10⁻⁵, mara nne ya Ksp, na ungetabiri mashapo yasiyokuwepo. Kosa hili la kusahau kuzimuliwa ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, na linauma kwa sababu hesabu yenyewe huwa imefanywa vizuri.

Badilisha kitu kimoja tu: badala ya chumvi ya kawaida, weka iodidi ya potasiamu ya ukolezo uleule. Q inabaki 9 × 10⁻⁶, kwa kuwa iodidi nayo huenda mbili kwa risasi moja. Lakini Ksp ya iodidi ya risasi ni kama 10⁻⁸. Sasa Q inaizidi karibu mara elfu moja, na ukichanganya tu linatokea wingu la manjano linalong'aa.

Je, chumvi ya kawaida ingehitaji kukolea kiasi gani? Risasi ikiwa 0.01, kloridi lazima ipite mzizi wa 1.7 × 10⁻³, yaani kama 0.041 baada ya kuchanganya, au 0.082 ndani ya chupa. Hapo ndipo ninapomshauri mtu asiiamini karatasi kupita kiasi. Ioni zenye chaji zikisongamana huvutana, na kila moja hufanya kazi kana kwamba ni chache kuliko zilivyo. Isitoshe, baadhi ya risasi hujiunga na kloridi moja na kubaki imeyeyuka. Ushahidi upo: kwa hesabu ya Ksp pekee, lita moja ya maji ingeyeyusha gramu 4.5 hivi za kloridi ya risasi, ilhali kwa kweli huyeyusha kama gramu 10. Kwa hiyo Q iliyoizidi Ksp mara moja na nusu inaweza isikupe kitu. Tumia chumvi ya moli 0.5 kwa lita: kloridi inakuwa 0.25, Q inafika 6.25 × 10⁻⁴, zaidi ya mara 30, na mashapo meupe yanakuja.

Yakichelewa, kwangua ukuta wa ndani wa chombo kwa kijiti cha kioo, maana fuwele huhitaji mahali pa kuanzia. Ukitaka kuhakikisha ni kloridi ya risasi kweli, pasha moto: Ksp hupanda na joto, mashapo huyeyuka, na ukiacha yapoe polepole utaona sindano nyeupe zikishuka ndani ya maji. Usimwage mabaki kwenye sinki. Risasi ni sumu, yakusanye kwenye chupa yake.