Ukumbi Usiokuwepo: Habari za Vicheko vya Kupachika

Wiki chache zilizopita nilikuwa nahariri sauti ya kichekesho kilichorekodiwa ukumbini hapa Dar es Salaam, mbele ya watu. Mwigizaji mmoja alitoa utani, ukumbi ukalipuka, kisha mwenzake akasahau jibu. Ikabidi kipande kirudiwe. Mara ya pili watu walishajua kinachokuja, wakacheka kwa adabu tu. Kwa hiyo picha nzuri ilikuwa ya mara ya pili, na kicheko kizuri kilikuwa cha mara ya kwanza. Nilikikata kile cha kwanza nikakilaza juu ya picha ya pili.

Tatizo hilihili ndilo lililomsumbua Charley Douglass, fundi sauti wa kituo cha CBS nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watazamaji wa wakati ule walikuwa wamelelewa na redio, ambako vichekesho vilirushwa na watu wakiwa wamekaa studio, na vicheko vyao vilisikika hadi sebuleni. Televisheni ilipokuja, mtu alitegemea kusikia wenzake wakicheka. Lakini vipindi vingi vilianza kupigwa kwa filamu, kwa kamera moja: unapiga pembe hii, unahamisha taa, unarudia maneno yaleyale kwa pembe nyingine. Hakuna hadhira inayoweza kucheka utani uleule mara sita. Hata palipokuwa na hadhira, ilicheka mno mahali pasipostahili, au ikanyamaza pale mwandishi alipotegemea makubwa. Mwaka 1950 kipindi cha The Hank McCune Show kilikuwa kimeshajaribu kuwekewa vicheko bila kuwa na hadhira yoyote. Kilichokosekana ni chombo cha kuifanya kazi hiyo vizuri.

Douglass akakitengeneza. Lilikuwa boksi lenye vibonye kama vya taipureta na pedali ya mguu. Ndani yake mlizunguka vitanzi vya tepu, na katika umbo lake lililojulikana zaidi vilikuwa 32, kila kimoja na vicheko 10: jumla 320. Kibonye kilichagua aina ya watu, kwa mfano wanaume wa sauti nzito, mwanamke wa kicheko chembamba, au kundi zima linaloangua. Pedali ilisimamia kicheko kidumu kwa muda gani na kife vipi. Kwa kuwa vitanzi havikuacha kuzunguka, kubonya kibonye kilekile mara mbili hakukuleta lazima kicheko kilekile. Alilipiga kama mtu anavyopiga kinanda, akichanganya vibonye kadhaa kwa pamoja. Boksi lilifungwa kwa kufuli, na nje ya familia yake ni wachache mno waliowahi kuona lililomo ndani.

Kuna kitanzi kimoja ninachokistahi kuliko vyote vingine. Kilikuwa cha sekunde kama 30 hivi za watu wachache wakichekacheka chinichini, nacho kiliachwa kikiendelea nyuma ya vicheko vikubwa. Yeyote aliyewahi kuhariri ukumbi anaelewa sababu. Kicheko cha kweli hakikatiki kama taa inayozimwa. Kina wanaochelewa kuelewa, kina anayekohoa, kina wawili walioendelea kucheka wenzao wakishanyamaza. Ukiondoa mkia huo, sikio linashtuka hata kama mwenye sikio hajui ameshtushwa na nini.

Vicheko vyenyewe vilitoka wapi? Vingi vinasemekana kutoka kwenye kipindi cha Red Skelton, hasa zile sehemu alizoigiza bila kusema neno. Ujanja huo ni wa kifundi kabisa. Mchekeshaji akiendelea kuongea huku watu wakicheka, sauti yake imeshaingia kwenye tepu na huwezi kuing'oa, ila akiigiza kimya unapata kicheko kitupu. Mimi kile kicheko changu cha ukumbini nisingeweza kukitumia kwingine kokote, kwa sababu katikati yake kuna mama aliyepaza sauti, "Jamani!" Kikisikika mara moja ni kitamu. Kikirudi katika sehemu nyingine, msikilizaji atamtambua mama yule papo hapo.

Hapo ndipo pa kuvinasia vicheko vya kupachika. Sikiliza cheko moja la ajabu linalorudi kila baada ya dakika chache. Sikiliza mwangwi: waigizaji wapo uwanjani, watu wanacheka ndani ya ukumbi. Na zaidi ya yote, mtazame mwigizaji. Aliye mbele ya hadhira halisi husubiri. Anashika kikombe, anageuza uso, anaipa nafasi sauti ishuke ndipo aseme. Aliyeigiza bila hadhira haoni sababu ya kusubiri, basi kicheko kinambamba juu ya sentensi inayofuata, na fundi analazimika kukiminya ili maneno yasipotee.

Tusisahau kwamba si kila kicheko cha kipindi cha zamani ni cha kupachika. I Love Lucy, kilichoanza 1951, kilipigwa kwa kamera tatu mbele ya watu waliokaa mle ndani. Katika vipindi vya namna hiyo boksi lilikuja baadaye, kuziba mapengo na kulainisha maungio, kama nilivyofanya mimi.

Mbona wenye vituo waling'ang'ania? Mwaka 1965 CBS walikijaribu kipindi kipya, Hogan's Heroes, kwa kuwaonyesha watu sehemu yake ya kwanza katika nakala mbili, moja ikiwa na vicheko na nyingine ikiwa haina. Isiyo na vicheko ilianguka. Ilikuwa vigumu kwa mtayarishaji yeyote kubishana baada ya hapo.

Waliobishana ni wa M*A*S*H, kilichoanza 1972. Kilihusu madaktari wa jeshi la Marekani katika vita ya Korea, na Larry Gelbart na Gene Reynolds waliokiongoza hawakutaka vicheko hata kimoja. CBS wakakataa. Mapatano yakawa haya: vicheko viwepo, lakini si katika chumba cha upasuaji. Daktari anaweza kutania huku mikono yake imo tumboni mwa mtu, na hakuna anayecheka. Kwangu mimi hizo ndizo dakika zenye uzito kuliko zote za kipindi kile, kwa sababu mtazamaji anaachiwa aamue mwenyewe kama acheke. Miaka ilivyokwenda vicheko vilipunguzwa sauti, na zipo sehemu ambazo havikuwekwa kabisa. BBC walikirusha Uingereza bila vicheko, na DVD zilipotoka ziliwekwa chaguo la kuvizima.

Vipindi vya baadaye vilivyoviacha havikuwa vinapinga kicheko. Muda wao ulikuwa na kazi nyingine. Piga hesabu: sehemu ya dakika 22 yenye vicheko 100 vya sekunde mbili mbili inatumia zaidi ya dakika tatu kusubiri. Malcolm in the Middle, cha mwaka 2000, kilizijaza nafasi hizo kwa mikato ya haraka na utani uliobebwa na picha. The Office ya Uingereza, ya 2001, ilikwenda njia ya pili: iliiacha nafasi wazi. Bosi anatania, hakuna anayecheka, na kamera inabaki kwenye uso wa mfanyakazi anayejaribu kutazama kwingine. Weka pale kicheko cha sekunde mbili kutoka kwenye boksi la Douglass, na ile aibu yote, ambayo ndiyo utani wenyewe, itakuwa imefunikwa.